Safu ya Lugha: Ukali au Wepesi wa Kumenyuka?

Wanafunzi huandika: "Ukishuka kundi, ukali wa elementi huongezeka." Ukali tuwaachie asidi na wembe, elementi ina wepesi wa kumenyuka. Menyuka ni ndugu wa menya, na picha ya chungwa inafaa hapa. Kuimenya sodiamu elektroni yake ya nje hugharimu kilojuli 496 kwa moli. Potasiamu, iliyo chini yake na yenye atomu pana zaidi, 419 tu, ndiyo maana huwaka ikiguswa na maji. Magnesiamu, jirani wa kulia wa sodiamu mwenye atomu ndogo, hudai 738.

Lakini klorini haimenywi, hupokea elektroni, na mvuto wa kiini hudhoofu atomu ikipanuka. Kwa hiyo bromini, iliyo chini yake, humenyuka kwa uzito zaidi. Mwanafunzi, kabla ya kuandika "huongezeka", taja kundi.