Sauti zilifika, wenyewe wakapotea: historia fupi ya kuhamisha chati

Wasee, Desemba iliyopita anko wangu hapa Muthara alinunua simu mpya. Ya zamani ilikuwa imepasuka kioo na betri inafura, kwa hivyo akaniita. Kwao mimi ndiye "yule aliacha chuo lakini anajua simu". Nikachukua ile zana ya kloni iliyokuja na simu mpya, nikaweka pacha wake kwenye simu ya zamani, nikaskani msimbo wa QR, tukangoja nusu saa. Haikula bando, maana simu mpya inatengeneza hotspoti yake na zinaongea zenyewe. Mwishowe ikaandika kwamba kila kitu kimehamishwa.

Anko akafungua WhatsApp, akaweka namba yake. Tupu. Hata salamu moja hakuna.

Sasa elewa: anko anauza miraa. Mnunuzi wake yuko Eastleigh, na biashara yao yote ni voisi. "Leta mabunda arobaini, nusu nakutumia leo, nusu Ijumaa." Hakuna karatasi. SMS za M-Pesa zilihama zote, hadi za miaka ya nyuma. Lakini hizo zinaonyesha kilicholipwa tu. Kilichoahidiwa kilikuwa kwenye WhatsApp, na mnunuzi alikuwa na deni.

Kwa nini SMS zilivuka na chati zikabaki? Jibu ni la zamani kuliko simu yenyewe.

Android ya kwanza ilitoka 2008, na tangu siku hiyo ilijengwa kama ploti ya kupanga. Kila aplikesheni ina chumba chake na kufuli yake, na jirani haruhusiwi kuchungulia. Halafu kuna korido, ambayo ni ya wote: picha, nyimbo, mafaili uliyodaunilodi. SMS na majina ya watu yanakaa kwenye kabati la ploti. Ukimpa mtu ruhusa, anafungua.

Wakenya wengi waliingia kwenye hiyo ploti 2011, Safaricom ilipouza Ideos ya Huawei kwa takriban shilingi 8,000. Wakati huo kuhamia simu mpya hakukuwa na stori. Unahifadhi namba kwenye laini, unachomoa laini, unaingiza kwingine. Laini ilibeba majina, mara nyingi yasiyozidi 250, na ujumbe mchache. Vingine vyote uliviacha, na hakuna aliyelia kwa sababu maisha yetu hayakuwa kwenye simu bado.

Baadaye maisha yakaingia, na kampuni zikaona kwamba mtu anaogopa kubadilisha simu kwa sababu ya vitu vyake. Hapo ndipo kila mtengenezaji akatoa zana yake: Samsung ana Smart Switch, Huawei ana Phone Clone, Xiaomi ana Mi Mover, vivo ana EasyShare, OPPO ana Clone Phone. Zote zinataka kitu kimoja, uhamie kwao bila uchungu.

Lakini kuna siri ndogo. Kwenye simu ya mtengenezaji mwenyewe, hiyo zana ni sehemu ya mfumo. Ni kama keateka wa ploti, ana funguo za ziada. Ndiyo maana ukitoka simu ya chapa moja kwenda nyingine ya chapa hiyohiyo, mara nyingi aplikesheni zinahama na vilivyomo ndani. Ukitoka chapa tofauti, ile zana uliyoweka kwenye simu ya zamani ni mpangaji kama wengine. Inabeba vya kabatini na vya koridoni. Kwa chumba cha WhatsApp inabeba mlango tu: aplikesheni inafika, ndani hakuna kitu. Kwa hivyo "kila kitu kimehamishwa" si uongo kabisa. Ni kila kitu ilichoruhusiwa kugusa.

Tukaona hilo kwa macho. Nilipochimba kwenye simu mpya nilipata voisi zote za anko, maana WhatsApp huweka sauti na picha koridoni. Faili moja iliitwa `PTT-20220725-WA0004.opus`. Hiyo ni 25 Julai 2022, siku zile miraa ilipoanza tena kuenda Somalia baada ya kusimama tangu Machi 2020. Tarehe ipo, sauti ipo. Jina la aliyetuma halipo, na ulichomjibu hakipo. Mia kadhaa za sauti bila wenyewe. Ukienda nazo kwa mdeni atakuambia huyo si yeye.

Kilichotuokoa ni kwamba hatukuwa tumefuta simu ya zamani.

WhatsApp huandika nakala ya chati zote kila usiku saa nane, kwenye simu yenyewe, na inahifadhi za siku chache zilizopita. Nakala hiyo imefungwa kwa msimbo, lakini faili lenyewe liko koridoni. Kwenye simu nyingi za sasa ni hapa:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases
```

Ndani yake kuna faili linaloanza na `msgstore` na kuishia `.crypt14` au `.crypt15`. Zana yetu ilibeba sauti na picha, hili ikaliacha. Basi nikafanya kwa mkono. Kwenye simu mpya nikaondoa WhatsApp, nikainakili folda yote ya WhatsApp kutoka simu ya zamani kwa waya wa USB kupitia laptopu, nikaiweka njia ileile. Nikaweka WhatsApp upya, anko akathibitisha namba kwa SMS, na skrini ikauliza kama tunataka kurudisha nakala. Ufunguo wa hilo faili hutoka kwa seva ya WhatsApp ukithibitisha namba ileile, kwa hivyo faili bila laini ya anko ni takataka.

Chati zikarudi, na deni likarudi na jina lake. Lakini ziliishia saa nane usiku. Oda za alfajiri ya siku ile, wakati watu wa miraa ndio wanaamka, hazikuwemo. Voisi zake tulikuwa nazo, wenyewe hapana. Ilibidi anko apige simu mmoja mmoja kuuliza.

Tangu katikati ya 2023 kuna njia rahisi: ndani ya WhatsApp, Settings, Chats, Transfer chats. Simu mpya inaonyesha msimbo wa QR, ya zamani inaskani, na zinahamishiana moja kwa moja bila Google Drive. Inafanya kazi kati ya chapa yoyote ya Android kwa sababu mwenye chumba ndiye anahama mwenyewe. Sharti ni simu ya zamani iwe bado imewaka na WhatsApp yake iko hai. Google Drive pia ipo, ila tangu 2024 nakala hiyo inahesabiwa kwenye zile GB 15 zako za bure. Kama picha zimezijaza, nakala mpya haiingii, na utarudishiwa chati za kitambo.

Telegram haina shida hii, chati za kawaida ziko kwenye seva zao. Ukiingia tu unazikuta. Zile za siri peke yake hubaki kwenye simu zilikoanzia.

Kwa hivyo kabla hujampa fundi simu ya zamani aifute, fungua chati moja ya mwaka jana kwenye simu mpya. Ikiwepo na jina, endelea. Ikiwa tupu, usiguse kitu.

Anko alilipwa. Simu yake iliyopasuka bado iko kwa droo, na amekataa kuiuza.