Barua Iliyotuletea Sauti Nne

Tunapoadhimisha miaka 25 ya kwaya yetu, faili la katibu limefunguliwa tena, na ndani yake mna nakala ya barua ya ukurasa mmoja ambayo wengi wetu hatujawahi kuisoma. Ni barua tuliyomwandikia mwalimu mstaafu wa muziki, tukimwomba aje kutufundisha kuimba kwa sauti nne.

Wakati huo sote tuliimba sauti moja. Wanaume waliimba yale yale ya akina mama, ila chini zaidi. Aliyeanzisha wimbo ndiye aliyechagua mahali pa kuanzia, na akianza juu mno, ubeti wa tatu ulifika tukiwa tunapiga kelele. Kitabu chetu cha Tenzi za Rohoni kilikuwa na maneno tu, bila noti.

Barua ilikaa wiki tatu bila kutumwa. Baadhi yetu, hasa waanzilishi, walihofu kwamba mwalimu angewapima watu na kuwaondoa wasioweza kusoma muziki. Kwa hiyo kamati ilikubali itumwe baada ya kuongezwa aya hii:

“Mwalimu, tuko 28: akina mama 19 na wanaume 9. Wanaojua solfa ni wawili tu. Hatuna kinanda. Tunaweza kukulipia nauli na chakula cha mchana kila Jumamosi. Tunaomba utufundishe sisi hawa hawa tulio nao, bila kumwacha yeyote.”

Mwalimu alikuja Jumamosi ya pili, akiwa na ubao mdogo na uma wa sauti, yaani chuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga hutoa sauti moja tu. Chake kilitoa A. Alitueleza kwamba katika ufunguo wa D, sauti hiyo ndiyo so. Basi tuliishika so, tukashuka fa, mi, re, hadi do. Tangu siku hiyo hakuna aliyeanzisha wimbo kwa kubahatisha.

Kisha alimsikiliza kila mmoja akipanda na kushuka ngazi ya do, re, mi, akaandika pale sauti yake ilipoanza kukaza na pale ilipopotea. Hakuna aliyeondolewa. Soprano walikuwa 11, alto 8, tena 4 na besi 5. Mama mmoja mwanzilishi, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyetuongoza kwa sauti ya juu, alipangwa alto. Aliumia, na Jumamosi iliyofuata hakuja. Mwalimu alimwendea nyumbani na uma wake, akamwimbisha taratibu katika sehemu ya chini, mpaka mama mwenyewe akasikia kwamba huko hakukuwa na haja ya kulazimisha koo. Alirudi.

Zoezi la kwanza lilikuwa sauti nne zilizosimama pamoja: besi do, tena so, alto mi, soprano do ya juu. Hatukuanza wote kwa mara moja. Besi na soprano walitangulia, kwa kuwa do ya chini na do ya juu husikilizana kwa urahisi. Tena wakafuata, na alto wakawa wa mwisho. Alto ndio waliopotea sana, kwani sauti yao iko karibu na ya soprano na sikio huvutwa kwenye wimbo wenyewe. Mwalimu aliwanyamazisha soprano ghafla katikati ya mstari. Alto wakikutwa wanaimba wimbo wa soprano, mstari ulirudiwa wakiwa peke yao, kwa solfa kwanza, maneno baadaye.

Kosa la pili hatukulisikia wenyewe. Mwisho wa wimbo aligonga uma tena, na so yetu ikawa chini ya so ya chuma. Tulikuwa tumeshuka njiani bila kujua. Alituonyesha kwamba tulikuwa tukiiimba mi chini kidogo, na ti vivyo hivyo, hasa pumzi ilipokuwa imekwisha. Dawa ilikuwa kupumua mwisho wa kila fungu la maneno na kuifikiria mi kuwa juu zaidi ya tulivyoizoea. Hadi leo tunagonga uma mwanzo na mwisho.

Ilituchukua Jumamosi tisa kuimba wimbo mmoja kamili kwa sauti nne. Tena wanne hawakutosha, na mpaka sasa tukiwa wengi huwa tunawaomba soprano wapunguze ili tena wasikike.

Yule mama mwanzilishi alisimama kwenye alto mpaka miguu ilipomshinda. Siku hizi huketi benchi la mbele, na alto wetu wakipotea, yeye huwaimbia mstari wao kwa sauti ndogo kutoka pale alipo. Leo, tukianza wimbo wa kwanza, mtamsikia.