Picha ya Skrini, Kuitia Alama

Kuitia alama picha ya skrini ni kuchora mishale, kupaka rangi ya kuangazia na kuandika maneno juu ya taswira iliyonaswa kutoka simu au kompyuta, kwa muradi wa kumwonyesha anayepelekewa kile hasa anachotakiwa kukitazama, na aghalabu kumfichia kile kisichomhusu.

Tuchukue mteja aliyelipa kwa pesa za simu, ambaye mwenye duka amemtaka ushahidi wa malipo. Ujumbe alio nao una nambari ya muamala, kiasi, saa, na mwishoni salio lake. Kwanza hukata kingo, maana juu ya skrini huenda pakawa na arifa za watu wengine. Kisha husitiri salio. Mshale huuchora baadaye, ncha yake ikikoma kando ya nambari bila kuikanyaga, kwani tarakimu moja ikifunikwa ushahidi wote hubatilika. Maneno, kama vile “Nambari ya muamala ni hii”, huwekwa penye nafasi tupu.

Katika kusitiri ndipo wengi hukosea. Kalamu ya kuangazia imeundwa ili maandishi yaliyo chini yake yasomeke, na hata ikiwa nyeusi, ikapitishwa mara tatu au nne mpaka jicho lisione kitu, tofauti ndogo ya weusi baina ya herufi na mandhari yake husalia; mpokeaji akiongeza mwangaza wa picha, salio hujitokeza dhahiri. Sharti kutumia mstatili uliojazwa rangi nzito isiyopenya nuru, kisha mtumaji mwenyewe aikuze picha na kuiongezea mwangaza kabla ya kuipeleka.

Hata hivyo, yawezekana mkono ukatenda sawasawa na chombo kikahini. Mwezi wa Machi 2023 watafiti Simon Aarons na David Buchanan walibainisha kasoro iliyopewa jina la aCropalypse katika Markup, programu ya kuhariri picha ya simu za Google Pixel: picha iliyohaririwa iliandikwa juu ya faili la zamani pasipo kulifupisha faili hilo, hivyo picha mpya ikiwa ndogo kuliko ile ya awali, mabaki ya ile ya awali yalibaki mkiani, na mjuzi aliweza kurudisha sehemu iliyokatwa au kufunikwa. Haukupita muda kasoro ya namna hiyo ikaonekana katika Snipping Tool ya Windows 11. Zote mbili zilirekebishwa mwezi huo huo, lakini marekebisho hayakuzigusa picha zilizokwisha kuhifadhiwa; kwa hiyo aliyehariri picha za siri kwa vyombo hivyo kabla ya wakati huo, na zingali mahali zinapoonwa na watu, azifute.