Tangu, kwa muda wa, -mesha-, -ja- na bado

Mwanafunzi achore mstari wa maisha yake. Mfano: 2015 alihamia Chake Chake kutoka Wete; leo ni 2025. Nukta ya 2015 huhitaji *tangu*. Urefu wa miaka 10 huhitaji *kwa muda wa*. Hali ikiendelea, Kiswahili husema «Anaishi Chake Chake tangu 2015», ilhali Kiingereza hudai hali timilifu. Hapo ndipo mwanafunzi huteleza, akihamisha *-na-* moja kwa moja.

Kilichokwisha hupewa *-mesha-*: «Ameshahama Wete.» Kinachosubiriwa hupewa *-ja-*: «Hajarudi Wete.»

*Bado* ina kazi mbili. Katika «Bado anaishi Chake Chake», hali haijakoma. Katika «Bado hajarudi», tendo halijatokea. Kiingereza hutumia maneno mawili tofauti, hivyo mfasiri atazame kwanza kama kitenzi kimekanushwa.