Jinsi ya kukokotoa variansi na mchepuko sanifu kwa kalamu na karatasi

Wastani ni namba inayopendwa na kila mtu, lakini ina tabia ya kuficha mambo. Vijiwe viwili vya bodaboda vinaweza kuwa na wastani uleule wa mapato kwa siku, huku kimoja kikimpa dereva usingizi na kingine kikimnyima. Kinachoonyesha tofauti hiyo ni vipimo viwili vinavyokwenda pamoja: variansi na mchepuko sanifu, ule ambao wanafunzi wengi huuita standadi divieshen.

Vyote viwili vinapima jambo moja, yaani namba zimetawanyika kiasi gani kuzunguka wastani wake. Kwa data chache havihitaji kompyuta.

Tuchukue mfano wa kutunga. Dereva wa bodaboda analazimika kupeleka hesabu ya Sh10,000 kila siku kwa bosi mwenye pikipiki. Anachagua kati ya kijiwe cha stendi na kijiwe cha sokoni. Haya ndiyo mapato ya siku sita kwa kila kijiwe, baada ya kutoa mafuta. Namba ziko katika maelfu ya shilingi, hivyo 18 ni Sh18,000.

Stendi: Jumatatu 18, Jumanne 20, Jumatano 17, Alhamisi 19, Ijumaa 21, Jumamosi 19.

Sokoni: Jumatatu 9, Jumanne 31, Jumatano 14, Alhamisi 27, Ijumaa 8, Jumamosi 25.

Ukijumlisha, kila kijiwe kinatoa 114. Gawanya kwa siku 6, wastani ni 19 kote. Mtu akiishia hapo atasema vijiwe vinalingana, achague chochote. Lakini bosi hapokei wastani, anapokea hesabu ya siku.

Kuanzia kwenye wastani

Tuanze na sokoni maana ndiko kwenye kazi. Chukua pato la kila siku, toa wastani. Jibu linaitwa mchepuko: siku hiyo ilikaa mbali kiasi gani na wastani, na upande gani. Kisha zidisha mchepuko kwa wenyewe, yaani tafuta kipeo chake cha pili.

Jumatatu: 9 − 19 = −10, kipeo cha pili 100
Jumanne: 31 − 19 = 12, kipeo cha pili 144
Jumatano: 14 − 19 = −5, kipeo cha pili 25
Alhamisi: 27 − 19 = 8, kipeo cha pili 64
Ijumaa: 8 − 19 = −11, kipeo cha pili 121
Jumamosi: 25 − 19 = 6, kipeo cha pili 36

Kabla ya kuendelea, jumlisha michepuko yenyewe pamoja na alama zake: −10, 12, −5, 8, −11 na 6. Jibu ni sifuri, na lazima liwe sifuri kila mara, kwa sababu wastani ndiyo sehemu ambapo upungufu wa siku mbaya unalingana kabisa na ziada ya siku nzuri. Ukipata kitu kingine, ama umekosea kutoa, ama ulikata desimali za wastani mapema mno. Ukaguzi huu unachukua nusu dakika na hukamata makosa mengi.

Sifuri hiyo pia inajibu swali la kwa nini tunahangaika na vipeo. Michepuko ikijumlishwa ilivyo, hasi zinazimeza chanya na habari yote inapotea. Ukizidisha namba kwa yenyewe, hasi inageuka chanya. Isitoshe, siku iliyo mbali sana inapewa uzito mkubwa zaidi: mchepuko wa 12 ni mara mbili ya 6, lakini 144 ni mara nne ya 36.

Sasa jumlisha vipeo: 100 + 144 + 25 + 64 + 121 + 36 = 490.

Gawanya kwa 5 au kwa 6?

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo majibu ya watu wawili waliofanya hesabu sahihi yanapopishana.

Kama siku hizo sita ndiyo habari nzima unayotaka kuieleza, gawanya kwa 6. Kama siku hizo ni sampuli tu, na unataka kukadiria jinsi kijiwe kinavyokuwa kwa kawaida, gawanya kwa 5, yaani idadi ya data toa moja. Dereva wetu hataki historia ya wiki iliyopita. Anataka kujua wiki zijazo, kwa hiyo anagawanya kwa 5.

Sababu ya kutoa moja iko kwenye ile sifuri. Wastani wa 19 umepatikana kutoka kwenye data zilezile tunazozipima. Ukishajua michepuko mitano, wa sita hauna uhuru tena, maana lazima ufanye jumla iwe sifuri. Habari huru ni tano tu. Wastani wa sampuli pia hukaa karibu na data zake kuliko wastani halisi wa muda mrefu, hivyo ukigawanya kwa 6 mtawanyiko huelekea kuonekana mdogo kuliko ulivyo. Kwa data 6 tofauti inaonekana, kwa data 600 hata huioni.

Kwenye Excel, `STDEV.S` hugawanya kwa idadi toa moja, na `STDEV.P` hugawanya kwa idadi yote. Vitabu vingi vya shule hutumia idadi yote, hivyo mwanafunzi afuate kanuni aliyopewa kwenye mtihani wake.

Basi, 490 ÷ 5 = 98. Hiyo ndiyo variansi ya sokoni.

Neno hilo lilianzishwa na mwanatakwimu Mwingereza Ronald Fisher kwenye makala yake ya mwaka 1918 kuhusu urithi wa tabia kwa viumbe. Mchepuko sanifu ulikuwa tayari umepewa jina na Karl Pearson miaka ya 1890.

Kurudi kwenye shilingi

Shida ya 98 ni kwamba haieleweki mtaani. Tulizidisha shilingi kwa shilingi, na hakuna abiria anayelipa nauli kwa shilingi mraba. Ili kurudi kwenye fedha ya kawaida tunatafuta kipeuo cha pili cha 98. Angalia herufi: kipeo ni kuzidisha namba kwa yenyewe, kipeuo ni kurudi nyuma.

Bila kikokotoo, fanya hivi. Kisia namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inakaribia 98, tuseme 10. Gawanya 98 kwa 10, unapata 9.8. Chukua wastani wa 10 na 9.8, ambao ni 9.9. Hakiki: 9.9 × 9.9 = 98.01. Inatosha kabisa.

Mchepuko sanifu wa sokoni ni 9.9, yaani takriban Sh9,900.

Stendi ni fasta. Michepuko ni −1, 1, −2, 0, 2 na 0. Vipeo vyake ni 1, 1, 4, 0, 4 na 0, jumla 10. Gawanya kwa 5, variansi ni 2. Kipeuo cha pili cha 2 ni karibu 1.41, yaani takriban Sh1,400.

Jibu linasema nini

Soma hivi: stendi, siku ya kawaida hucheza kama Sh1,400 juu au chini ya Sh19,000. Sokoni hucheza kama Sh9,900. Wastani mmoja, mtawanyiko mara saba.

Sasa weka hesabu ya bosi mezani. Kutoka wastani wa 19 hadi 10 kuna hatua ya 9. Stendi, hatua hiyo ni zaidi ya michepuko sanifu sita, hivyo kwa data hizi kukosa hesabu ya siku kungekuwa jambo la ajabu. Sokoni, hatua hiyohiyo haifiki hata mchepuko sanifu mmoja. Na kweli, Jumatatu na Ijumaa dereva alipata 9 na 8, akabaki na deni.

Wengi wamekariri kwamba asilimia 68 ya data hukaa ndani ya mchepuko sanifu mmoja kutoka kwenye wastani, na asilimia 95 ndani ya miwili. Kanuni hiyo ni ya data zenye umbo la kengele, ambapo namba nyingi hujazana katikati na kupungua pembeni. Data za sokoni hazifanani na hivyo hata kidogo. Zipange kwa ukubwa: 8, 9, 14, kisha 25, 27, 31. Hakuna siku hata moja iliyokaribia 19! Wastani umeangukia kwenye pengo ambalo halina kitu.

Mchepuko sanifu mkubwa namna hii mara nyingi ni dalili kwamba makundi mawili yamechanganywa kwenye orodha moja. Ukirudi kwenye siku, unaona Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ndizo zenye fedha. Tuseme hizo ndizo siku za gulio. Basi mapato hayayumbi ovyo, yanafuata ratiba. Dereva anayekaa sokoni siku za gulio na stendi siku nyingine angepata 18, 31, 17, 27, 21 na 25, jumla 139 badala ya 114, bila siku hata moja chini ya 10. Kama vijiwe vyote viwili vitampokea, hilo ni suala jingine, maana kijiwe kina wenyewe. Na siku sita ni chache, gulio moja lililonyeshewa mvua linaweza kubadili picha.

Mchepuko sanifu wenyewe usingemwambia hayo yote. Unataja ukubwa wa kuyumba, hautaji sababu.

Jambo la mwisho la kuangalia ni namba moja inayojitenga. Tuseme Jumanne ya sokoni dereva alikodiwa safari ya harusi akapata 61 badala ya 31. Jumla inakuwa 144, wastani 24. Michepuko ni −15, 37, −10, 3, −16 na 1, na jumla ya vipeo inafika 1,960. Gawanya kwa 5 unapata 392, ambayo kipeuo chake ni karibu 19.8. Siku moja tu imefanya mchepuko sanifu kuwa mara mbili, kwa sababu 37 ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 1,369, ambayo ni zaidi ya theluthi mbili ya jumla yote.

Ukikuta kipeo kimoja kimemeza vingine hivyo, kagua kwanza kama namba iliandikwa sawasawa. Ikiwa ni ya kweli usiifute, ila kokotoa mara mbili, ikiwemo na isipokuwemo, na utoe majibu yote mawili.