Kutoka virusi vya kuku hadi kidonge cha Mpanda

Kwenye kliniki za CTC mjini Mpanda, kama kwingine nchini, wengi wa watu wazima wanaoishi na VVU huondoka na kopo la TLD, kidonge kimoja kwa siku. Ndani yake mna tenofovi miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Mbili za kwanza zinapiga kimeng'enya kimoja cha kirusi, ya tatu kingine.

Kisa chake kilianza na kuku. Mmarekani Howard Temin, aliyechunguza kirusi kinachowapa kuku saratani, alidai katika miaka ya 1960 kwamba kirusi hicho cha RNA hujigeuza kuwa DNA. Wenzake walimpuuza, kwani iliaminika kuwa taarifa hutoka DNA kwenda RNA, hairudi nyuma. Mwaka 1970 yeye na David Baltimore, kila mmoja kwenye maabara yake, walikikamata kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo: rivasi transkriptesi. Miaka 5 baadaye walipata Nobeli.

VVU vilipogunduliwa mwaka 1983, mwaka uleule wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipobainika Kagera, kimeng'enya hicho kilikuwa tayari kinafahamika. Ndiyo maana dawa ya kwanza, AZT, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, ilikilenga. AZT, tenofovi na lamivudini hujipenyeza kwenye mnyororo wa DNA unaoundwa, lakini hazina mahali pa kushikia kipande kinachofuata. Mnyororo unakatikia hapo.

Tatizo ni kwamba rivasi transkriptesi hunakili ovyo na haisahihishi makosa yake. Nevirapini na efavirenzi, zilizotumika kwa miaka mingi baada ya ARV za bure kuanza nchini mwaka 2004, hukaa kwenye kishimo kilekile cha kimeng'enya, hivyo badiliko moja tu la kishimo hicho laweza kuziangusha zote mbili. Kipimo cha wingi wa virusi huanza kupanda ilhali mgonjwa anameza dawa vizuri.

Mwaka 2019 Tanzania ikahamia TLD. Dolutegraviri huizuia integresi, kimeng'enya kinachoipachika DNA ya kirusi ndani ya DNA ya seli, na usugu dhidi yake huchelewa kujitokeza. Ila DNA iliyokwisha kupachikwa haing'oki. Mtu akiacha dawa, virusi hurudi.

Integresi hufanya kazi kwa kutumia magnesiamu, na dolutegraviri huishika magnesiamu hiyo. Kwa sababu hiyohiyo dawa hii hunaswa tumboni na vidonge vya kiungulia vyenye magnesiamu au alumini, ikafika kwenye damu kwa kiasi kidogo tu. Kwa hiyo TLD humezwa saa mbili kabla ya vidonge hivyo, au saa sita baada yake. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu huongezewa dolutegraviri miligramu 50, saa 12 baada ya TLD, kwa kuwa rifampisini hulifanya ini liivunje haraka.