Ujumbe mfupi wa simu: urefu, herufi na malipo

Ujumbe mfupi wa simu, ambao wengi huuita meseji na ambao kwenye skrini huandikwa SMS, una nafasi ya baiti 140 kwa maandishi yake. Idadi ya herufi zinazoingia katika nafasi hiyo hubadilika. Ni 160 ikiwa herufi zote ni za kawaida, na hushuka hadi 70 ikiwa ndani yake imo hata alama moja tu isiyomo katika orodha ya herufi za mtandao. Meseji inayozidi kikomo chake hukatwa vipande, na kila kipande hulipiwa kama meseji nzima. Kwa Kiswahili suala hili lina upande wake wa pekee. Herufi zetu zote zimo katika orodha hiyo, lakini ipo alama moja ndogo tunayoihitaji kila siku, ritifaa ya ng', ambayo huweza kuandikwa kwa namna mbili. Moja ni rahisi na nyingine ni ghali.

Asili ya kikomo

Kikomo kilipangwa katikati ya miaka ya 1980, wakati nchi za Ulaya zilipokuwa zikitunga kanuni za simu za mkononi za GSM. Mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand, aliyekuwa akiishi Bonn, aliketi mwaka 1985 na taipureta yake, akaandika sentensi za kila namna na kuhesabu herufi. Akaona kwamba habari nyingi za kawaida humalizika ndani ya herufi 160. Postikadi na barua za teleksi zilimpa jibu lilelile.

Ufinyu wenyewe ulitokana na njia iliyotumika. Meseji haikupewa barabara yake. Ilipitishwa katika njia ya ishara, ile ambayo mtandao huitumia kujua simu iko wapi na kuijulisha kwamba inapigiwa. Ishara hizo ni fupi, na nafasi iliyobaki ndani yake kwa maandishi ilikuwa baiti 140, yaani biti 1,120. Meseji ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na tangu hapo kipimo hicho hakijaongezwa. Simu janja ya leo hutuma SMS katika mfuko uleule.

Kwa nini alama moja hupunguza nafasi

Ili kuingiza herufi 160 katika biti 1,120, kila herufi ilipewa biti 7. Biti 7 zinaweza kutofautisha alama 128 tu, kwa hiyo ilibidi kuchagua. Orodha iliyopatikana, ambayo mitambo ya kutuma meseji huiita `GSM-7`, ina a hadi z kubwa na ndogo, tarakimu, alama za kawaida za uandishi, baadhi ya herufi za lugha za Ulaya, na hata herufi kubwa kadhaa za Kigiriki. Kiswahili kinaingia chote bila shida. Kifaransa kinaingia nusunusu: é, è, à na ù zimo, lakini ê, ô na ç ndogo hazimo, jambo linalowagusa wale wa Goma na Lubumbashi wanaochanganya Kiswahili na Kifaransa katika meseji moja. Herufi za Kiarabu hazimo kabisa, ndiyo maana salamu ya Idi iliyoandikwa kwa Kiarabu, iwe imetoka Unguja au Maskati, huishia kwenye herufi 70.

Idadi hiyo ya 70 hutokea hivi. Simu ikikuta alama isiyomo katika orodha, hugeukia mfumo mwingine, `UCS-2`, unaotumia biti 16 kwa kila herufi. Ukigawa 1,120 kwa 16 unapata 70. Linalowashangaza watu ni kwamba mfumo haubadilishwi kwa alama ile peke yake. Kila meseji hubeba taarifa moja inayoiambia simu ya mpokeaji herufi zisomwe kwa mfumo gani, na taarifa hiyo inahusu meseji yote. Hakuna namna ya kusema herufi hizi zisomwe kwa biti 7 na ile moja kwa biti 16. Kwa hiyo alama moja isiyomo katika orodha hufanya hata a, b na c zilizoizunguka zichukue nafasi zaidi ya mara mbili.

Emoji nyingi hula zaidi ya hapo. Namba zake katika orodha ya kimataifa ya herufi ni kubwa kuliko biti 16 zinavyoweza kubeba, hivyo kila moja huhesabiwa kama herufi mbili, na zile zenye rangi ya ngozi au zilizounganishwa, kama ya familia, huweza kuhesabiwa kuwa nne au zaidi. Upo pia ugumu mdogo ndani ya `GSM-7` yenyewe. Mabano ya mraba, mabano ya mawimbi, alama ya yuro na nyingine chache zinakubalika bila kubadili mfumo, ila kila moja huchukua nafasi mbili.

Mfano wa shule moja

Tuchukue shule inayotaka kuwaita wazazi 600. Karani anaandika hivi:

```
Ndugu mzazi, kikao cha wazazi kitafanyika Jumamosi saa 3 asubuhi shuleni. Ajenda: chakula cha mchana na ununuzi wa ng'ombe wa maziwa. Karibuni.
```

Ukihesabu pamoja na nafasi kati ya maneno utapata herufi 143. Ritifaa iliyo katika ng'ombe ni ile iliyonyooka, yenye namba U+0027, nayo imo katika orodha. Meseji ni moja, na bado zimebaki herufi 17.

Sasa tuseme karani huyo aliandika kwanza katika Word, kisha akanakili na kubandika kwenye ukurasa wa kutumia meseji. Word, kwa mazoea yake ya kupamba maandishi, imekwisha kuigeuza ritifaa kuwa ile iliyopinda, yenye namba U+2019. Kwa macho tofauti ni ndogo mno, na kwenye skrini ya simu huenda usiione kabisa. Lakini U+2019 haimo katika orodha, na meseji nzima inahamia `UCS-2`. Herufi 143 haziwezi kuingia katika 70, kwa hiyo inakatwa.

Kukata kunaongeza hasara, kwa sababu kila kipande lazima kibebe maelezo ya kukiunganisha na wenzake. Maelezo hayo ni baiti 6 zinazotangulia maandishi. Kwa meseji ya vipande vitatu yanaweza kuwa hivi:

```
05 00 03 A7 03 01
05 00 03 A7 03 02
05 00 03 A7 03 03
```

Namba tatu za mwanzo husema kwamba hiki ni kipande cha ujumbe mrefu. `A7` ni namba ya utambulisho, ambayo ni ileile kwa vipande vyote vya ujumbe mmoja. Namba ya tano ni jumla ya vipande, na ya sita ni zamu ya kipande hiki. Baiti 140 zikitolewa 6 hubaki 134. Hizo zinatosha herufi 153 kwa `GSM-7` na 67 kwa `UCS-2`. Ndiyo maana meseji ya kawaida yenye herufi 161 haiwi 160 na 1, bali 153 na 8.

Turudi kwa karani. Kipande cha kwanza kinachukua herufi 67 na kuishia katikati ya neno shuleni, baada ya sh. Cha pili kinachukua 67 nyingine, hadi nafasi iliyo baada ya maziwa. Cha tatu kina neno moja tu: Karibuni. Kwa wazazi 600 shule imetuma vipande 1,800 badala ya 600. Tukikadiria kila kipande shilingi 20, mwaliko uliostahili kugharimu shilingi 12,000 umegharimu 36,000, na aliyesababisha ni ritifaa moja.

Malipo na dalili za hitilafu

Mtandao hutoza vipande kwa sababu vipande ndivyo unavyovisafirisha. Kila kimoja ni meseji kamili inayopita peke yake, na kuunganishwa ni kazi ya simu ya mpokeaji mwishoni mwa safari. Kwa mwenye kifurushi cha meseji, meseji ndefu moja hupunguza hesabu ya kifurushi kwa idadi ya vipande vyake. Wapo wanaodhani kampuni imewaibia meseji, kumbe salamu zao zenye emoji zilikuwa zikihesabiwa mbilimbili na tatutatu.

Kusafiri kila kimoja peke yake kuna athari nyingine. Kipande cha pili kinaweza kufika kabla ya cha kwanza, au kimoja kikapotea. Baadhi ya simu hungoja vyote ndipo zionyeshe ujumbe, nyingine huonyesha kilichofika, nawe unasoma sentensi iliyoanzia katikati ya neno. Taarifa ya kufika pia hutolewa kwa kila kipande, hivyo taarifa moja si ushahidi kwamba mzazi amesoma mwaliko wote.

Dalili ya kwanza iko kwenye kihesabu kilicho karibu na kitufe cha kutuma. Kikikuonyesha kwamba zimebaki herufi nyingi, kisha ghafla kikaporomoka au kikaonyesha kipande cha pili baada ya kubonyeza alama moja, alama hiyo ndiyo yenye kosa. Kwenye mitambo ya kutumia watu wengi neno `Unicode` hutokea, au kikomo kinageuka kutoka 160 kuwa 70. Vigumu zaidi kugundua ni visivyoonekana: nafasi isiyokatika, U+00A0, inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa, hufanana kabisa na nafasi ya kawaida lakini haimo katika orodha. Mstari mrefu wa kati ambao Word huuweka badala ya kistari, na nukta tatu zilizofungwa kuwa alama moja, nazo ni hivyohivyo. Wanaoandika ng kwa alama ya mshazari ` badala ya ritifaa nao hutumbukia humohumo.

Baadhi ya mitambo hubadilisha alama hizi yenyewe kabla ya kutuma. Mingine huweka alama ya kuuliza mahali pake, na mzazi akasoma ng?ombe. Anayetuma ujumbe wenye nafasi ya jina la kila mpokeaji awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa hesabu hubadilika kwa kila jina: ujumbe wa herufi 152 ukiongezewa Asha unabaki mmoja, ukiongezewa Mwanaisha unakuwa vipande viwili. Jina la mtumaji linaloonekana juu ya meseji, kwa upande wake, haliguswi na hesabu hii. Lina sehemu yake na kikomo chake cha herufi 11.

Kabla ya kutuma kwa watu wengi, futa kila ritifaa na uiandike upya ndani ya ukurasa wenyewe wa kutumia meseji, kisha jitumie ujumbe huo kwanza na uangalie umekatwa salio la vipande vingapi.